Kati ya hatua ya mfadhili na tiketi ya msimbo

Timu ndogo isiyo ya faida inayotengeneza programu huwa na hati mbili zinazoeleza kazi ileile. Ya kwanza ni kiambatisho cha mkataba wa ruzuku: kurasa mbili tatu zenye hatua nne au tano, kila moja na tarehe yake na, mara nyingi, fedha zake. Ya pili ni mfumo wa kufuatilia kazi, uwe GitHub, GitLab au Jira, wenye mamia ya tiketi zilizofunguliwa na watu mbalimbali, baadhi na maelezo marefu, baadhi sentensi moja tu iliyoandikwa usiku. Ripoti ya maendeleo inapodaiwa, mtu mmoja, kwa kawaida mratibu, hukaa na hati hizo mbili na kujaribu kuzisoma kama moja.

Njia inayomjia mtu haraka ni kuzipa tiketi lebo ya hatua, kuhesabu zilizofungwa, na kuandika asilimia. Ninaamini njia hiyo inaharibu ripoti nyingi za timu zenye kazi nzuri. Kinachokosekana ni kitu cha tatu kati ya hatua na tiketi, yaani vigezo vya kukubaliwa. Hatua huvunjwa kuwa vigezo, kila kigezo huandikiwa ushahidi wake, na tiketi huunganishwa na kigezo siku inapofunguliwa. Ripoti hufuata vigezo. Tiketi hubaki kuwa njia ya kuufikia ushahidi.

Tofauti ya hati hizi mbili inaanzia kwenye lugha yake. Hatua ya ruzuku huandikwa kwa macho ya atakayetumia programu: wahudumu wa zahanati wanaweza kurekodi akiba ya dawa bila mtandao. Tiketi huandikwa kwa macho ya atakayeitengeneza: badilisha jedwali la kuhifadhi kwenye simu, rekebisha kitufe kinachoganda, ongeza jaribio la kutuma data mara mbili. Hatua moja hutegemea tiketi nyingi. Tiketi moja inaweza kusaidia hatua mbili. Zipo tiketi zisizosaidia hatua yoyote iliyolipiwa lakini zisipofanywa programu inakufa. Na zipo sehemu za hatua ambazo hazina tiketi kabisa: mafunzo ya wahudumu, tafsiri ya maandishi ya skrini, safari ya kwenda kutazama programu ikitumika. Ukihesabu tiketi, unaihesabu sehemu moja tu ya makutano hayo, nayo ndiyo sehemu ambayo mfadhili hakuiandika kwenye mkataba.

Kabla ya kupanga chochote inafaa kujua fedha zinalipwaje, kwa sababu wafadhili hawaombi kitu kimoja. Mfuko wa NLnet wa Uholanzi, unaosaidia programu huria nyingi kupitia mipango yake ya NGI Zero, hulipa kwa hatua. Waombaji wa mara ya kwanza kwenye mipango hiyo wamekuwa wakiomba kati ya euro 5,000 na 50,000, hatua zinakubaliwa mwanzoni pamoja na kiasi cha kila moja, na malipo yanaombwa kazi ikishakamilika, kwa kuonyesha matokeo. Hapo swali kuu la ripoti ni moja: je, kilichoahidiwa kipo, na kinaonekana wapi?

Fedha za serikali ya Marekani zina desturi nyingine, hata zinapokufikia kupitia shirika la kati. Kanuni zake, zinazojulikana kama 2 CFR 200, zinataka ripoti ya utendaji ilinganishe kilichofanyika na malengo ya ruzuku, ieleze sababu pale lengo lisipofikiwa, na ifafanue gharama zikizidi. Upande wa mishahara, kifungu cha 200.430 kinataka kumbukumbu zionyeshe kazi iliyofanyika kweli, na kinasema wazi kwamba makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi kuwa uthibitisho. Kwa hiyo timu iliyozoea kulipwa kwa hatua ikipata ruzuku ya namna hii hukuta kwamba lebo ya hatua kwenye tiketi haitoshi. Kunahitajika pia kumbukumbu za kazi, kwa kawaida karatasi ya saa, na karatasi hiyo na lebo za tiketi zisipopatana, mkaguzi ataliona pengo kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Mradi wa Tor, shirika la Marekani lililosajiliwa mwaka 2006 na linalotengeneza kivinjari cha kulinda faragha, umeishi na tatizo hili hadharani kwa miaka mingi, kwa sababu sehemu kubwa ya tiketi zake yeyote anaweza kuzisoma. Ulipokuwa ukitumia mfumo wa Trac, tiketi zake zilikuwa na sehemu maalumu ya mfadhili, na ndani yake ungekuta thamani kama `SponsorR-must` na `SponsorR-can`. Ya kwanza ilimaanisha kwamba kazi hiyo imeahidiwa na lazima ifanyike. Ya pili ilimaanisha kwamba kazi inaingia katika mawanda ya ruzuku na inaweza kufanywa kwa fedha hizo, lakini hakuna aliyeiahidi. Mwaka 2020 walihamia GitLab na wafadhili wakawa lebo zenye namba.

Naona busara kubwa katika mgawanyo ule wa kazi ya lazima na kazi inayoruhusiwa. Timu nyingi ndogo huweka lebo moja tu, na mwisho wa robo mwaka kasoro ndogo ishirini zilizorekebishwa zinaonekana kuwa sawa na kipengele kimoja kilichoahidiwa ambacho bado hakijaguswa. Tor ni shirika lenye makumi ya wafanyakazi na watu wa kusimamia ruzuku, lakini wazo lenyewe halihitaji ukubwa huo. Timu ya watu wanne inaweza kulitumia kesho.

Tuchukue timu ya namna hiyo: watengeneza programu watatu na mratibu mmoja, wenye ofisi ndogo Arusha, wanaotunza programu huria ya akiba ya dawa kwenye simu. Mfano huu nimeutunga, ila kila kinachotokea ndani yake hutokea kwenye miradi halisi. Ruzuku yao ni ya miezi 12 na ina hatua 4. Hatua ya pili, ya mwisho wa Juni 2025, inasema: wahudumu katika zahanati 3 wanarekodi akiba ya dawa bila mtandao, na kumbukumbu zinajituma zenyewe mtandao unaporudi.

Sentensi hiyo inasomeka vizuri, lakini haipimiki. Bila mtandao kwa muda gani? Kumbukumbu zikijituma mara mbili itakuwaje? Wahudumu wawili wakiingiza idadi tofauti ya kopo moja la dawa, nani ni mkweli? Na kurekodi katika zahanati 3 kwa siku moja ya majaribio kunatosha? Maswali haya yataulizwa tu, ama mwanzoni na timu yenyewe ama mwishoni na ofisa programu wa mfadhili. Mratibu akiyauliza mwezi wa kwanza, anapata tiketi mama ya hatua, yenye maandishi kama haya:

```
HATUA 2 (mwisho: 30 Juni 2025)

2.1 Kuingiza dawa bila mtandao kwa siku 7
    Ushahidi: toleo lililotolewa + video ya jaribio
2.2 Kumbukumbu zinajituma, hakuna inayojirudia
    Ushahidi: matokeo ya majaribio ya kiotomatiki
2.3 Idadi zikipingana, mhudumu anaonyeshwa na kuchagua
    Ushahidi: toleo + picha za skrini
2.4 Zahanati 3 zimetumia toleo hilo kwa wiki 4
    Ushahidi: muhtasari wa matumizi, bila majina
```

Maandishi hayo hutumwa kwa ofisa programu kwa barua pepe yenye ombi fupi: hivi ndivyo tunavyoielewa hatua ya pili, tafadhali tuthibitishie. Jibu lake huhifadhiwa kwenye jalada la ruzuku. Barua hii ni ndogo, lakini ina uzito kuliko kazi nyingine yoyote ya kupanga lebo, kwa kuwa tangu siku hiyo neno kukamilika lina maana moja kwa pande zote mbili. Maofisa wengi huifurahia, maana nao wana wakubwa wao wanaowauliza fedha zimefanya nini.

Baada ya hapo kila tiketi mpya hupewa lebo mbili: `hatua-2` na, kwa mfano, `kigezo-2.3`. Pale kazi si ya lazima kwa kigezo bali inaingia tu katika mawanda, hupewa `hatua-2` pamoja na `ziada`. Mtu anaweza kushawishika kutumia sehemu ya GitHub iitwayo Milestone, kwa kuwa jina lenyewe linaonekana kuhusika. Nashauri isitumike kwa hatua za mfadhili. Tiketi moja inaweza kuwa na Milestone moja tu, na watengeneza programu wanaihitaji sehemu hiyo kwa matoleo ya programu. Mkiichukua kwa ajili ya ripoti, baada ya miezi miwili wataanza kuibadilisha ili kupanga toleo lao, na uhusiano na ruzuku utapotea bila mtu kugundua. Lebo zinaweza kuwa nyingi kwenye tiketi moja, kwa hiyo haziingiliani na mpangilio wao.

Sasa robo mwaka imefika mwisho. Mratibu anatafuta tiketi zote zenye lebo ya hatua ya pili na kukuta 23. Zilizofungwa ni 19. Hesabu ya haraka inampa asilimia 83, na tarakimu hiyo ingependeza sana kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Lakini anazifungua moja moja. Katika zile 19, tiketi 3 zilifungwa kwa sababu timu iliamua kutozifanya, na 2 zilikuwa marudio ya tiketi nyingine. Kazi iliyofanyika ni tiketi 14, ambazo 9 ni za kigezo 2.1 na 5 ni za kigezo 2.2. Zile 4 zilizo wazi zimegawanyika: 2 za kigezo 2.3 na 2 za kigezo 2.4.

Kwa macho ya vigezo, hatua ina vigezo viwili vilivyotimia kati ya vinne. Tena kigezo 2.3, kilichobaki na tiketi mbili tu, ndicho kigumu kuliko vyote: kupatanisha kumbukumbu mbili zinazopingana ni tatizo ambalo linaweza kumla mtengeneza programu mzuri mwezi mzima. Tiketi zake ni chache kwa sababu hakuna aliyeanza kuivunja kazi hiyo vipande. Huu ndio udhaifu mkubwa wa asilimia za tiketi, na haurekebishiki kwa kuhesabu kwa uangalifu zaidi. Kazi ambayo timu imeielewa huwa na tiketi nyingi ndogondogo zinazofungwa haraka. Kazi ambayo haijaeleweka huwa tiketi moja kubwa yenye kichwa cha maneno matatu. Asilimia hupanda kwa kasi mwanzoni kisha inakwama kwenye themanini na kitu, na robo mbili mfululizo mfadhili anasoma tarakimu ileile bila kujua kwa nini.

Ishara za kuonya zipo. Kigezo chenye tiketi moja au mbili wakati vingine vina tisa kitazamwe kwanza. Kigezo ambacho hakijapata tiketi hata moja baada ya nusu ya muda ni hatari iliyo wazi. Na kigezo ambacho tiketi zake zote zimefungwa lakini ushahidi ulioandikwa kwenye tiketi mama haujapatikana, hicho hakijatimia, haijalishi mfumo unaonyesha nini.

Neno "imefungwa" lenyewe linahitaji kuangaliwa kwa karibu. Kwenye GitHub, mtengeneza programu akiandika `Fixes #214` katika maelezo ya ombi la kuunganisha msimbo, tiketi namba 214 hujifunga yenyewe pale msimbo unapoingia kwenye tawi kuu. Wakati huo toleo jipya halijatoka, na simu ya mhudumu bado ina toleo la zamani. Katika mfano wetu, tiketi ya mwisho ya kigezo 2.1 ilifungwa tarehe 24 Juni, lakini toleo lenye kazi hiyo lilitoka tarehe 9 Julai, kwa sababu mtu wa kutoa matoleo alikuwa safarini. Kipindi cha ripoti kinaishia tarehe 30 Juni. Je, kigezo kimetimia ndani ya kipindi?

Jibu linategemea ushahidi uliokubaliwa, na ushahidi huo unasema toleo lililotolewa. Kwa hiyo hapana: kilitimia Julai. Mratibu ataandika kwamba msimbo ulikamilika Juni na toleo likatoka tarehe 9 Julai, na kigezo atakihesabu katika kipindi kinachofuata. Hapo vigezo viwili vinakuwa kimoja, na mratibu anaumia kidogo. Lakini ripoti hii itabaki kuwa kweli mtu yeyote akiufungua ukurasa wa matoleo na kulinganisha tarehe, jambo ambalo ni rahisi kufanya kwenye mradi wa programu huria. Timu ikitaka kuepuka maumivu haya, iweke utaratibu wa kutoa toleo angalau wiki mbili kabla ya mwisho wa kila kipindi cha ripoti.

Kuna mtego mwingine wa tarehe unaotuhusu sisi wa Afrika Mashariki hasa. Utafutaji wa GitHub husoma tarehe kwa saa za dunia, yaani saa tatu nyuma ya saa zetu. Tiketi iliyofungwa Arusha saa saba usiku kuamkia tarehe 1 Julai, kwa GitHub imefungwa tarehe 30 Juni saa nne usiku. Timu zinazofanya kazi usiku kwa sababu mtandao ni nafuu au umeme umerudi hukuta tiketi zikihama kutoka robo moja kwenda nyingine, na wakati mwingine tiketi moja ikionekana katika ripoti mbili. Dawa yake ni kutaja saa za eneo ndani ya amri yenyewe:

```
gh issue list --state closed --label "hatua-2" \
  --search "closed:2025-04-01T00:00:00+03:00..2025-06-30T23:59:59+03:00" \
  --limit 500 \
  --json number,title,labels,closedAt,stateReason
```

Sehemu ya `--limit` isiachwe. Bila hiyo amri hii huleta tiketi 30 tu na haisemi kwamba imeacha nyingine, na robo yenye kazi nyingi itaonekana kuwa na tiketi 30 kamili. Ukiona tarakimu hiyo, shuku mara moja. Sehemu ya `stateReason` ndiyo inayotenganisha tiketi zilizokamilika na zile zilizofungwa kwa uamuzi wa kutozifanya, ingawa hutegemea mfungaji alibonyeza chaguo lipi. Wengi hubonyeza kitufe cha kwanza kinachoonekana, kwa hiyo macho ya binadamu bado yanahitajika.

Hadi hapa nimezungumzia kazi iliyopata lebo. Upande wa pili unanigusa zaidi, kwa sababu ndiko jasho la timu ndogo linakopotelea: kazi isiyo na lebo yoyote. Mratibu wetu alitafuta tiketi zilizofungwa katika robo ile ambazo hazina lebo ya hatua, na pia maombi ya kuunganisha msimbo ambayo hayakufungamana na tiketi hata moja. Kwenye sanduku la utafutaji la GitHub yanaandikwa hivi:

```
is:issue is:closed -label:hatua-1 -label:hatua-2 -label:hatua-3 -label:hatua-4 closed:2025-04-01T00:00:00+03:00..2025-06-30T23:59:59+03:00
is:pr is:merged -linked:issue merged:2025-04-01T00:00:00+03:00..2025-06-30T23:59:59+03:00
```

Akapata vitu 17. Vingi vilikuwa vidogo, lakini 6 vilihusu jambo moja: maktaba ya kuhifadhi data kwenye simu ilikuwa imepitwa na wakati na ilibidi ibadilishwe yote. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu za mtu mmoja. Haikuandikwa kwenye mkataba. Haikuwa na lebo. Na ndiyo sababu kigezo 2.3 hakikuguswa.

Aliketi na mtengeneza programu aliyehusika na kuzipitia tiketi hizo sita pamoja. Mbili zilikuwa za lazima ili kumbukumbu zikae siku 7 bila mtandao, kwa hiyo zilistahili lebo ya kigezo 2.1 tangu mwanzo. Nne zilizobaki zilikuwa matunzo ya kawaida, ambayo yangefanyika hata kama ruzuku hii isingekuwepo. Hizo hupewa lebo ya `msingi`. Jaribu la kuzipachika kwenye hatua iliyo karibu ni kubwa, hasa pale ambapo mshahara wa wiki hizo tatu umeshalipwa. Lakini lebo ikipachikwa baada ya tukio kwa lengo la kujaza pengo, inageuka kuwa maelezo ya bajeti badala ya maelezo ya kazi. Kwenye ruzuku inayofuata saa, kitendo hicho kinaweza kuifanya gharama hiyo ikataliwe.

Kusahihisha lebo baadaye si kosa, maana watu husahau. Kinacholinda timu ni kuandika sababu kwenye tiketi yenyewe siku ile lebo inapobadilishwa, sentensi moja inayosema kwa nini kazi hii ni ya kigezo fulani. GitHub hutunza historia ya kila lebo iliyowekwa na kuondolewa, pamoja na jina na wakati. Lebo kumi na mbili zilizowekwa na mtu mmoja ndani ya dakika tano usiku wa kuamkia siku ya ripoti zinasomeka zilivyo. Maelezo yakiwepo chini yake, zinaeleweka.

Lebo ya `msingi` ina faida nyingine ambayo timu nyingi hazijaitumia. Mwaka ukiisha, mratibu anaweza kusema ni sehemu gani ya tiketi, au ya saa kama zinaandikwa, ilikwenda kwenye kazi ambayo hakuna mfadhili aliyeilipia. Tarakimu hiyo ikiingia katika ombi lijalo kama bajeti ya matunzo, ina mizizi katika kumbukumbu za kazi. Mfadhili anaweza kuikataa, lakini hawezi kusema imekisiwa.

Tiketi ikihusu wafadhili wawili, mambo yanakuwa mazito kidogo. Tuseme ruzuku nyingine inalipia usalama wa programu, na tiketi ya kusimba kumbukumbu kwenye simu inafaa kote kuwili. Kazi inaweza kutajwa katika ripoti zote mbili, kwa kuwa imechangia kote. Gharama yake haiwezi kudaiwa mara mbili. Njia safi ni kuigawa tiketi kabla kazi haijaanza: moja ya kuandika sehemu ya kusimba, ya mfadhili wa usalama, na nyingine ya kuiunganisha na hifadhi ya bila mtandao, ya hatua yetu ya pili. Pale isipogawanyika, timu iamue mwanzoni ni ruzuku ipi inayobeba saa zake, na iandike uamuzi huo kwenye tiketi. Utafutaji wa tiketi zenye lebo za wafadhili wawili kwa wakati mmoja ufanywe kila mwezi. Mara nyingi utaleta tiketi mbili tatu tu, na kuzimaliza ni kazi ya nusu saa.

Ripoti sasa inaweza kuandikwa, nayo inakuwa fupi. Kwa kila kigezo kuna hali yake, ushahidi wake wenye kiungo, na pale kilipochelewa, sababu na tarehe mpya. Kwa kigezo 2.3 mratibu wetu aliandika hivi: "Hakijaanza. Wiki tatu za mtengeneza programu mmoja zilitumika kubadilisha maktaba ya kuhifadhi data ambayo ilikuwa imepitwa na wakati. Bila sehemu ya mabadiliko hayo kigezo 2.1 kisingewezekana kwa siku 7. Usanifu wa 2.3 unaanza mwezi Julai, na tunatarajia toleo la majaribio mwishoni mwa Agosti." Hakuna asilimia ndani yake, na ofisa programu akiisoma anajua kilichotokea, kilichosababisha na kinachofuata. Idadi ya tiketi inaweza kuwekwa kwenye kiambatisho kwa anayeitaka.

Viungo navyo vichunguzwe kabla ya kutuma. Kiungo cha tiketi kwenye hazina ya siri humpa mfadhili ukurasa wa kosa, na wapo watakaodhani kazi haipo. Tiketi ya udhaifu wa usalama usiotangazwa isiwekwe kwenye ripoti kabisa mpaka toleo lenye tiba litoke. Na kwa programu ya zahanati, picha za skrini zilizobandikwa kwenye tiketi na wahudumu mara nyingine hubeba majina ya wagonjwa. Mratibu afungue kila kiungo kwenye kivinjari ambacho hakijaingia akaunti yoyote, aone kile atakachokiona mgeni.

Vigezo hubadilika njiani, na hilo ni la kawaida katika kutengeneza programu. Ikidhihirika mwezi wa tano kwamba zahanati ya tatu imefungwa kwa ukarabati, barua kwa ofisa programu iende wiki hiyohiyo, na isingoje ripoti. Fedha za serikali ya Marekani zinadai hivyo kwa matatizo makubwa: tatizo au ucheleweshaji unaoathiri lengo uripotiwe mara unapojulikana. Wafadhili wengine hawana kifungu kama hicho, lakini sijawahi kusikia ofisa aliyelalamika kwamba ameambiwa mapema. Kigezo kikibadilishwa, maandishi ya zamani yabaki kwenye tiketi mama, yakiwa yamekatwa mstari, pamoja na tarehe ya barua ya idhini.

Ripoti ikishatumwa, matokeo ya utafutaji yahifadhiwe kama faili palepale, kwa sababu tiketi zitaendelea kubadilika: nyingine zitafunguliwa tena, lebo zitabadilishwa majina, na huenda timu ikahamia mfumo mwingine kama Tor ilivyohama. Kwa ruzuku za Marekani kumbukumbu hutakiwa kutunzwa miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho ya fedha. Faili lenye namba za tiketi, vichwa, tarehe, lebo na sababu ya kufungwa, likiwekwa kwenye folda moja na nakala ya ripoti na barua za ofisa programu, linatosha. Jina la faili libebe namba ya ruzuku na kipindi, kwa mfano `ruzuku-04_2025-R2.json`, ili mratibu atakayekuja baadaye alipate bila kumtafuta aliyeondoka.